Joto la katikati ya ukuta wa bomba

Mwenzangu mmoja, mhandisi wa mitambo, aliwahi kuniuliza swali ambalo nililijibu haraka kuliko lilivyostahili. Bomba nene la chuma lina nusukipenyo cha ndani cha sentimita 2 na cha nje cha sentimita 4. Uso wa ndani una nyuzi 100, uso wa nje una nyuzi 40, na hali imetulia: joto linapita kutoka ndani kwenda nje, lakini hakuna sehemu ya ukuta inayozidi kupata moto wala kupoa. "Haya, ndugu yangu," akasema, "ukisimama sentimita 3 kutoka kwenye mhimili, yaani katikati kabisa ya ukuta, utakuta nyuzi ngapi?"

Nikamjibu 70. Nusu ya njia, nusu ya tofauti. Akatikisa kichwa: "Kama 65 hivi." Hakueleza zaidi, akaenda zake.

Nyuzi tano zile zilinikalisha na karatasi jioni nzima. Nilichokikuta mwishoni ni mlinganyo ambao nilikuwa nimeufaulu kwenye mtihani miaka kadhaa nyuma bila kuuelewa. Watu huuita mlinganyo wa Cauchy na Euler. Wengine huuita mlinganyo wa vipimo sawa, na mimi nalipenda zaidi jina hili la pili, kwa sababu linasema siri yenyewe waziwazi.

Tuanze na bomba. Fikiria pete nyembamba ndani ya ukuta, iliyo umbali x kutoka kwenye mhimili. Joto linaloivuka pete hiyo kwa sekunde moja lazima lilingane na linalovuka pete nyingine yoyote. Lisipolingana, litarundikana au litapungua mahali fulani, na tumeshasema hali imetulia. Sasa pete ya nje ina eneo kubwa kuliko ya ndani, na eneo hilo hukua sambamba na x. Joto lile lile likipita kwenye eneo kubwa zaidi, halihitaji kusukumwa sana. Kwa hiyo mteremko wa joto ni mkali karibu na uso wa ndani na unalegea kadiri unavyokwenda nje. Ukizidisha mteremko huo, T', kwa x, unapata namba moja isiyobadilika ukutani kote. Na kama x T' haibadiliki, basi derivativu yake ni sifuri. Izidishe tena kwa x ili ikae vizuri, na hii hapa:

```
x^2 T'' + x T' = 0
```

Mlinganyo huu ni mmoja wa familia kubwa, ambayo kwa ujumla huandikwa hivi:

```
x^2 y'' + a x y' + b y = 0
```

Herufi a na b ni namba tupu. Vizigeu vya y'' na y' vinabadilika pamoja na x, na ndiyo maana mtu aliyezoea milinganyo yenye vizigeu visivyobadilika huingiwa na hofu akiuona. Lakini utazame kwa makini. Kila derivativu moja inagawa kipimo cha y kwa kipimo cha x mara moja. Ile y'' inagawa mara mbili. Kisha x iliyo mbele yake inarudisha kilichogawanywa: x moja kwa derivativu ya kwanza, x mbili kwa ya pili. Kwa hiyo kama y ni nyuzi za joto, basi x²y'' ni nyuzi, xy' ni nyuzi, na y ni nyuzi. Sentimita zimejifuta zote. Mlinganyo huu haujui kama ulipima kwa sentimita au kwa milimita, na haujali.

Hapo ndipo kila kitu kinapotoka. Kama y(x) ni jibu, basi y(5x) nayo ni jibu, maana kuzidisha x kwa 5 ni sawa na kubadilisha rula tu. Tunatafuta basi kitu ambacho rula ikibadilishwa kinabaki na umbo lake. Kile e^(mx) tulichozoea hakifai: e^(5mx) ni mkunjo mwingine kabisa, unaopanda kwa kasi nyingine. Lakini x^m ukiibadilishia rula inakuwa 5^m mara x^m, yaani ni ile ile, imezidishwa tu kwa namba. Kwa hiyo "kujaribu kipeo cha x" si kubahatisha kwa mwalimu aliyechoka. Kipeo ndicho kitu cha kwanza kinachokubaliana na tabia ya mlinganyo wenyewe.

Tukijaribu y = x^m, basi xy' inatoa m x^m, na x²y'' inatoa m(m − 1) x^m. Kila kimoja kina x^m ndani yake. Tukiitoa nje, kinachobaki ni mlinganyo wa kawaida wa kipeo cha pili, usio na x hata moja:

```
m(m - 1) + a m + b = 0
```

Tafuta mizizi yake miwili. Ikiwa ni namba halisi na inatofautiana, kazi imekwisha: jibu zima ni mchanganyiko wa vipeo viwili. Sehemu hii ni nyepesi, sitakaa nayo.

Rudi kwenye bomba. Hapo a = 1 na b = 0, kwa hiyo m(m − 1) + m ni m² tu. Mzizi ni sifuri, na sifuri tena. Mizizi miwili imekaa mahali pamoja, na x^0 ni 1, yaani joto lisilobadilika ukutani kote. Hilo ni jibu moja, nalo haliwezi kuwa 100 upande huu na 40 upande ule. La pili liko wapi?

Kwa bomba unaweza kulipata bila ujanja wowote: x T' ni namba isiyobadilika, kwa hiyo T' ni namba hiyo kugawanya kwa x, na T ni logi asilia. Lakini njia hiyo ya mkato inafunguka kwa sababu b ni sifuri. Nilitaka kujua kwa nini logi inatokea kila mara mizizi inapogongana, hata pale mkato haupo. Kitabu nilichosomea kilisema tu "zidisha kwa ln x", kikaendelea na safari yake. Kwa miaka nilizidisha.

Chukua mfano ambao mkato haupo:

```
x^2 y'' - 3x y' + 4y = 0
```

Hapa m(m − 1) − 3m + 4 ni m² − 4m + 4, yaani (m − 2)². Mzizi ni 2, mara mbili. Sasa usiufikirie huu peke yake. Fikiria jirani yake, mlinganyo ambao vizigeu vyake vimesogezwa kidogo sana, hata mizizi yake ikawa 2 na 2 + h, ambapo h ni ndogo. Jirani huyu ana majibu mawili halali: x² na x^(2+h). Tatizo ni kwamba h ikipungua, majibu hayo mawili yanafanana mno, kama mapacha, na mwisho huwezi kuyatofautisha. Lakini tofauti yao nayo ni jibu, na tofauti hiyo ikigawanywa kwa h bado ni jibu, kwa sababu kuzidisha au kugawa jibu kwa namba hakuliharibu. Kwa hiyo badala ya kushika mapacha wawili, shika mmoja wao pamoja na hiki:

```
(x^(2+h) - x^2) / h
```

Nilifanya hesabu kwa x = 3, ili nione kwa macho. Kwa h ya 0.01, inatoka 9.942. Kwa h ya 0.001, inatoka 9.893. Na x² ln x kwa x = 3 ni 9 mara 1.0986, ambayo ni 9.888. Namba zinakwenda huko huko. Logi haikuletwa kutoka nje na mtu mwerevu. Ni ile tofauti ndogo iliyokuwa kati ya mapacha, iliyokuzwa ili ionekane kabla hawajawa kitu kimoja.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hilo hilo, fupi zaidi, nayo ndiyo huithibitisha kabisa. Ukiweka x^m upande wa kushoto wa mlinganyo huu bila kuchagua m bado, unapata (m − 2)² x^m. Sasa tafuta derivativu ya pande zote mbili kwa kubadilisha m, si x. Upande wa kushoto, x^m inageuka x^m ln x. Upande wa kulia unapata vipande viwili, na kila kimoja bado kina (m − 2) ndani yake, kwa sababu kilianza nacho kikiwa mraba. Weka m = 2, na vyote vinafutika. Kwa hiyo x² ln x ni jibu. Kama mzizi ungekuwa mmoja tu usiojirudia, derivativu ingemaliza ile (m − 2), kisingefutika kitu, na logi isingekuwa jibu. Hii ndiyo sababu logi huja pale tu mzizi unapojirudia.

Tukirudi kwenye bomba, majibu ni 1 na ln x, kwa hiyo T = A + B ln x. Masharti ya nyuzi 100 kwenye sentimita 2 na nyuzi 40 kwenye sentimita 4 yanatoa:

```
T = 100 - 60 * ln(x/2) / ln(2)
```

Weka x = 3. Logi ya 1.5 kugawanya kwa logi ya 2 ni 0.585, mara 60 ni 35.1, na kinachobaki ni 64.9. Mwenzangu alikuwa sahihi. Tazama pia kwamba ndani ya fomula x haisimami peke yake popote. Iko x/2, uwiano wa umbali mmoja kwa mwingine. Ungepima kwa milimita ungeandika x/20 na kupata namba ile ile. Nyuzi 70 nilizozitaja zipo ukutani, lakini ziko pale ambapo uwiano umefika nusu ya safari yake: x ikiwa 2 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani sentimita 2.83.

Sasa nieleze kosa nililolifanya kwenye mtihani mwingine, kabla ya huo niliofaulu, kwa sababu nimeliona kwenye karatasi za wanafunzi wengi tangu wakati huo. Mlinganyo ulikuwa huu huu wa −3 na 4. Mimi nikaandika m² − 3m + 4, nikiwa nimebadilisha y'' kuwa m² na y' kuwa m, kama tulivyozoea kwa vizigeu visivyobadilika. Ile −1 ndani ya m(m − 1) iliniponyoka. Mizizi ya m² − 3m + 4 ni namba changamano, na namba changamano maana yake ni mawimbi. Jibu langu likawa linapanda na kushuka kuvuka sifuri mara zisizo na idadi, ilhali jibu la kweli huvuka sifuri mara moja tu au halivuki kabisa. Nilipoteza alama zote za swali lile. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na njia ya kujua nimekosea.

Njia ya kujua ipo, nayo ni kuelewa ile −1 inatoka wapi. Badilisha rula yenyewe: weka x = e^t, yaani t ni ln x. Sasa kuzidisha x kwa 5 ni kujumlisha namba kwenye t, na mlinganyo usiojali kuzidishwa kwa x unakuwa mlinganyo usiojali t inaanzia wapi. Mlinganyo wa namna hiyo ndio wenye vizigeu visivyobadilika. Ukifanya hesabu, xy' inakuwa derivativu ya y kwa t, safi kabisa. Lakini x²y'' haiwi derivativu ya pili peke yake. Inakuwa derivativu ya pili kutoa derivativu ya kwanza. Sababu ni kwamba y' yenyewe ina 1/x ndani yake, na ukitafuta derivativu yake tena, ile 1/x nayo inabadilika na kutoa kipande cha ziada chenye alama ya kutoa. Hicho kipande ndicho −1 yetu. Kwa hiyo mlinganyo wetu ukiandikwa kwa t, Y ikiwa ni ile y iliyopimwa kwa t na derivativu zake zikiwa za t, ni huu:

```
Y'' - 4 Y' + 4 Y = 0
```

Kumbuka: −3 imekuwa −4. Ukiona umeandika mlinganyo wa m na kizigeu cha kati ni kile kile ulichopewa, bila kupunguzwa 1, simama hapo hapo. Na ukiwa na dakika moja ya ziada, chukua jibu lako na ulirudishe kwenye mlinganyo. Kwa x² ln x, y' ni 2x ln x + x, na y'' ni 2 ln x + 3. Vipande vyenye logi vinatoa 2 − 6 + 4, ambayo ni sifuri. Visivyo na logi vinatoa 3 − 3. Vimefutika vyote.

Kuhama kwenda t kunasaidia pia upande wa kulia usipokuwa sifuri. Mlinganyo huo huo ukiwa sawa na x², mtu hujaribu K x² na kupata sifuri, kwa kuwa x² tayari ni jibu la upande wa kushoto. Hujaribu K x² ln x, sifuri tena, kwa sababu ile ile. Kwa t unaona mara moja kwamba unahitaji t², na jibu la ziada ni nusu ya x² mara mraba wa ln x. Ukipenda njia nyingine ya kutafuta jibu hilo, ile ya kubadilisha vizigeu vya majibu mawili, kumbuka kwanza kugawa mlinganyo mzima kwa x² ili y'' ibaki peke yake. Upande wa kulia hapo si x² tena, ni 1. Nimeona mtu akifanya kurasa mbili za hesabu safi juu ya x² ambayo ilipaswa kuwa 1.

Kuna mahali pamoja ambapo mlinganyo huu si wa kuaminiwa, nako ni sifuri. Ukigawa kwa x² ili y'' ibaki peke yake, vizigeu vinakuwa −3/x na 4/x², na vyote viwili vinalipuka x ikikaribia sifuri. Tulifundishwa kwamba ukitoa thamani ya y na ya y' kwenye nukta moja, jibu ni moja tu. Jaribu hapa: omba y iwe sifuri na y' iwe sifuri pale x = 0. Jibu x² linatimiza. Jibu x² ln x nalo linatimiza, kwa sababu x² inaizimisha logi, na derivativu yake, 2x ln x + x, nayo inaelekea sifuri. Basi kila mchanganyiko wa hayo mawili unatimiza, na masharti yako mawili hayajachagua kitu. Omba sasa y iwe 1 pale pale kwenye sifuri: hakuna jibu hata moja. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea kunakili. Sikukosea; kanuni ya jibu moja inadai vizigeu vitulie, na hapo havitulii. Kwa hiyo masharti ya kuanzia huwekwa kwenye x isiyo sifuri, na jibu halivuki sifuri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiwa upande wa hasi, andika ln |x| na uendelee.

Kwenye chuma jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Bomba halina x = 0 ndani ya ukuta wake, kwa hiyo ln x inaruhusiwa. Lakini fimbo isiyo na tundu ina mhimili ndani yake, na ln x pale inakwenda hasi bila kikomo. Fimbo haiwezi kuwa na joto la namna hiyo, basi B lazima iwe sifuri, na joto ni moja ndani kote. Sharti la pili halikuandikwa popote na mtu. Limetolewa na ukweli kwamba kitovu kiko ndani ya fimbo.

Nimekwisha kutaja namba changamano. Ukipata m = p ± qi, majibu ni x^p mara kosaini ya q ln x, na x^p mara saini ya q ln x. Mfano safi ni x²y'' + xy' + y = 0, ambao mizizi yake ni i na −i, na jibu mojawapo ni kosaini ya ln x. Linavuka sifuri kwenye x = 4.81. Ukirudi nyuma, linavuka tena kwenye 0.208, kisha kwenye 0.00898, na kuendelea hivyo, kila mara umbali ukigawanywa kwa e^π, yaani kama 23.14. Mawimbi hayana urefu mmoja. Yana uwiano mmoja. Ukichora grafu yake kwa kompyuta kuanzia 0 hadi 10 kwa hatua sawa, utaona mikunjo miwili hivi na kudhani umemaliza, kumbe mingine isiyo na mwisho imejisonga kwenye upana wa mstari karibu na sifuri. Ichore kwa ln x kwenye mhimili wa chini na utaona kosaini ya kawaida, imetandazwa vizuri.

Na mpaka wa njia yenyewe uko wapi? Jaribu y = x^m kwenye huu:

```
x^2 y'' + x y' + (x^2 - 1) y = 0
```

Unapata (m² − 1) x^m na kando yake x^(m+2). Vipeo viwili tofauti, na hakuna m inayoweza kuvifuta vyote kwa pamoja. Sababu ni ile ile ya vipimo: x²y haina kipimo sawa na y. Mlinganyo huu, unaobeba jina la Bessel, una rula yake ndani; unajua sentimita moja ni kiasi gani. Lakini karibu na sifuri x² ni ndogo mno mbele ya 1, na hapo majibu yake yanaanza kama x na kama 1/x, yale yale ya mlinganyo wa Euler uliobaki ukiitupa x². Ndiyo maana wanaotafuta majibu yake kwa mfululizo wa vipeo huanza na mlinganyo wetu huu mdogo ili kujua kipeo cha kwanza.

Wiki chache baadaye nilimpelekea mwenzangu karatasi. Nilikuwa nimeongeza kitu ambacho hakukiuliza. Badala ya bomba pekee, nilichukua kuta tatu: bapa, ya bomba, na ya tufe lenye uwazi ndani. Zote zinaanzia sentimita 2 na kuishia sentimita 4, joto ni lile lile, 100 na 40. Mlinganyo wao ni mmoja, tofauti ni k tu:

```
x^2 T'' + k x T' = 0
```

Kwa ukuta bapa k ni 0, kwa bomba ni 1, kwa tufe ni 2, kwa sababu eneo halikui kabisa, au linakua kama x, au kama x². Mizizi ni 0 na 1 − k. Ukuta bapa una x, tufe lina 1/x, na kati yao, pale mzizi wa pili unapopita juu ya wa kwanza, linakaa bomba na logi yake. Kwa tufe inatoka T = −20 + 240/x. Kwenye sentimita 3, ukuta bapa una nyuzi 70 kamili, bomba lina 64.9, tufe lina 60.

Kisha nikauliza swali langu la kwanza kinyumenyume: nyuzi 70 ziko wapi katika kila ukuta? Kwenye ukuta bapa ziko sentimita 3, wastani wa kawaida wa 2 na 4. Kwenye bomba ziko 2.83, wastani wa kijiometri. Kwenye tufe ziko 2.67, wastani wa kiharmoniki. Wastani zote tatu, kwa mpangilio wao, kutoka kwenye m(m − 1) + km = 0.

Mwenzangu aliisoma karatasi akiwa amesimama, akavuta kiti, akaketi, akaisoma tena. Kisha akaomba kalamu, akaandika k = 3 pembeni, akaanza kutafuta.